Chupa Mbili Ukumbini

Mimi ndiye ninayeshika funguo za ukumbi wa kanisa letu la Presbiteri, na mtu wa nje akitaka kuukodi lazima anisikilize nikimsomea masharti kwanza. Wengi hutazama simu zao. Yaw Obuobi, fundi wa kuziba pancha pale kituo cha malori, alisikiliza kila neno, kofia imekaa mapajani.

Nilimwambia mtu wa nje hulipa zaidi ya mara mbili ya muumini. Amana huwekwa kabla, na hurudishwa tukikuta viti vyote vizima na vioo havijavunjika. Usafi ni juu ya anayekodi, na ukumbi uwe umedekiwa kabla ya Jumatatu saa sita. Harusi, misiba na mikutano ya shule ruksa. Disko na siasa hapana. Pombe haivuki geti. Na kumwagia mizimu kinywaji chini, hilo hata usiliulize: shughuli inafungwa hapo hapo, watu wanatoka, amana imekwenda.

"Mama Mwalimu," akasema, "na kinywaji cha kichwa je?"

Kwetu Akyem kila mtu anajua maana ya swali hilo. Mwanamke wake, Birago, alikuwa ameishi naye miaka tisa na kumzalia watoto wawili, na siku zote hizo Yaw hakupeleka kwa wajomba wa Birago zile chupa mbili za pombe kali zinazomfanya mwanamke awe mke. Alikuwa akingoja apate pesa za kufanya kwa heshima. Sasa Birago amekufa kwa presha ghafla, na mwanamume wa namna hiyo ana nafasi moja tu: atoe chupa hizo na wajomba wazipokee kabla jeneza halijafungwa. Asipofanya hivyo si mjane, ni mpita njia. Watoto ni wa ukoo wa mama yao tangu zamani, lakini baba aliyetoa chupa ana neno juu yao. Asiyetoa hana.

"Kampelekee mjomba nyumbani, Ijumaa," nikamwambia. "Huko hakuna masharti yangu."

Ijumaa alikwenda, akarudishwa. Opanyin Ntow, mjomba wa Birago na mkuu wa ukoo, alikuwa amekaa chini ya paa lililong'olewa na dhoruba, ndiyo maana hasa wakataka ukumbi wetu. Alimwambia hapokei kinywaji penye matope na ndoo. Atapokea kesho, mbele ya watu na mbele ya binti mwenyewe. Na ukumbi, akasema, ulipiwe na huyo anayejiita mume.

Yaw akaulipia. Sijui aliuza nini, ila kompresa yake sikuiona tena pale kituoni.

Jumamosi alfajiri Birago alilazwa ukumbini amevalishwa vazi la kente, watu wamejaa kwa nguo nyeusi na nyekundu. Yaw akanifuata getini na kikapu kilichofunikwa taulo. Sikuhitaji kuuliza.

"Yaw, nenda ukamwambie mjomba apokee huku nje, barabarani. Nitawasimamia mwenyewe."

Opanyin Ntow alikuja akiburuta makubazi. "Barabarani? Mwanangu si mbuzi wa mnadani, mama."

"Basi pokea malta, Opanyin. Harusi za hapa tunatumia malta, na watu wanazaa kama kawaida."

"Malta!" Aliwageukia wazee wenzake, wakacheka. "Mnataka nikamwambie marehemu bibi yake nini huko aliko, kwamba mjukuu ameolewa kwa soda ya watoto?"

Nilichoka nao. Nikafanya nilichoona ni busara. Nikasema chupa ziingie zikiwa zimefungwa, zikabidhiwe zikiwa zimefungwa, zikanywewe huko kwao kwenye matope yao. Opanyin akaguna, akakubali. Yaw alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Msemaji wa Yaw akasimama mbele ya jeneza, akaeleza kwa maneno mazuri kwamba kijana huyu amechelewa lakini amefika. Chupa mbili zikatolewa kwenye kikapu. Watoto walikuwa kwenye benchi la mbele. Dufie, yule binti mkubwa, alikuwa amemshika mdogo wake shati asikimbie. Opanyin akazichukua chupa, akazipima mkononi, akauliza mara tatu kama inavyoulizwa: "Kijana, unamjua huyu?" Yaw akajibu mara tatu kwamba anamjua, ni mkewe. Mara ya tatu sauti ilimkatika, na wanawake wakaanza kulia naye. Nami nililia, sina haya kusema.

Lililobaki lilikuwa neno moja: tumepokea. Kisha mashahidi wa pande zote mbili wakaonje huko nyumbani.

Lakini mkono wa mzee ule umekuwa ukifungua chupa kabla ya neno hilo kwa miaka hamsini. Sidhani hata alifikiri. Alivua makubazi, akapindua kizibo, akainamisha chupa juu ya vigae, akawaita wahenga waje wanywe. Harufu ikafika mlangoni kabla ya sauti yake.

Na mlangoni alikuwa amesimama mzee wa kanisa Asiamah, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi.

"Zima taa," akaniambia. "Zima feni. Watu watoke."

"Mzee Asiamah, dakika mbili. Neno moja tu limebaki."

"Ofosua, masharti umeyasoma wewe au hukuyasoma?"

Niliyasoma. Nikazima. Kukawa na kelele, vijana wa ukoo wakamtukana Asiamah, yeye akasimama vile vile mikono nyuma. Jeneza likafungwa na kutolewa nje kwa pupa. Yaw alikuwa akimkimbilia Opanyin kati ya viti. "Nana, sema umepokea! Sema tu!"

"Nitasemaje? Nimekatwa katikati," Opanyin akajibu. Alikuwa amekasirika, lakini si kwa Yaw, bali kwa Asiamah. "Kinywaji kilichomwagika mbele ya fujo ni mkosi, hata chupa ya pili imeshaharibika. Lete kingine, jeneza lifunguliwe, nianze upya."

"Sina kingine. Pesa iliyobaki ni amana."

Amana ilikuwa imekwenda. Nilimwomba Asiamah pale pale, mbele za watu, ampe Yaw angalau pesa ya chupa mbili. Akasema kanisa halinunui kileo. Wengine wakaingiza mikono mifukoni, ila duka lilikuwa mbali na gari la maiti limeshawasha injini. Dereva alikuwa na msiba mwingine. Birago akazikwa. Yaw alisimama nyuma ya majirani, na udongo wa kwanza ukatupwa na binamu.

Jumatatu asubuhi alikuja kudeki, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Nilimwambia aache, nitadeki mwenyewe. Hakuacha. Alipanga viti, akafuta vioo, akapiga magoti kwenye vile vigae.

Teksi ikasimama getini. Ndani walikuwamo mke wa Opanyin na watoto wale wawili, na mabegi yao yamefungwa kamba juu. Dufie akashuka, akaja hadi mlangoni, akavua viatu asichafue.

"Papa, Nana anasema tunaenda kuishi Kade. Amesema kama unataka kukataa, ukatae sasa."

Yaw alibaki amepiga magoti na kitambaa mkononi. Alinitazama mimi, kama mtu anayeuliza sharti. La kwangu ni viti na vioo.

"Vaa viatu, mama," akamwambia mtoto. "Sakafu bado mbichi."