Sofa ya Mita Mbili na Ishirini

Firmin, mume wangu, alipima ukuta mara moja tu akatangaza: mita mbili kamili, kutoka kona hadi mlango wa chumba cha mama yake. Sofa ya watu watatu ni mita moja na themanini. Inaingia!

Mimi nikautazama ule mlango. Tangu tukimbie vita kijijini Fataki, tukaja hapa mjini Bunia, kitu cha kwanza ninachotazama katika nyumba ni njia ya kutokea. Kule, siku risasi zilipoanza, kiti kikubwa kilikwama mlangoni, na Muzee Bruno, baba mkwe wangu, alikuwa nyuma yake. Hakutoka. Firmin hataki kulizungumzia.

Fundi wa sofa, Delphin, alipofika kuchukua vipimo, nikamuuliza, "Ile un-quatre-vingt, mita moja na themanini, ni pamoja na mikono?"

"Hapana, Mama Orly. Ile ni pa kuikala. Kila mukono inaongeza vingt."

Ishirini huku, ishirini kule: basi ni mita mbili na ishirini. Ingekula sentimita ishirini za mlango wa mama mkwe, mlango wenye sentimita themanini tu. Mama Elisabeth anatembea kwa magongo mawili, na hata hizo themanini zinamtosha kwa shida.

"Atapita kando kando," Firmin akasema. "Weye unaogopa kila kitu. Na wageni wataikala wapi?"

Ndiyo, naogopa! Nikatandika vitenge viwili chini, urefu wa sofa ile ile. Mama mkwe akatoka chumbani akavikanyaga bila taabu, Firmin akacheka. Kitenge hakizuii mtu. Kwa hasira nikaviondoa, nikapanga kando ya ukuta mabidoni, yale madumu yaliyojaa maji, la mwisho likasimama ndani ya mlango, pale mkono wa sofa ungefika.

"Mama, rudia tena," nikamwambia.

Alikuwa ndiyo kwanza anajiandaa kutoka, mlio ukasikika barabarani, kama risasi: pa!

Sikumbuki nilivyofika uani. Delphin alikuwa mbele yangu, Firmin nyuma yangu. Tukasimama tukihema. Tulikuwa watatu.

"Firmin." Sauti ilitoka ndani, ya chini, bila kelele. "Niko nyuma."

Tukarudi ndani. Gongo la mama mkwe lilikuwa limebanwa kati ya bidoni na fremu ya mlango. Hakulia. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kukubali, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mlio wenyewe.

Watu wa barabarani wakapaza sauti: tairi la lori limepasuka, basi.

Firmin alipiga magoti, akaliondoa bidoni lile, kisha yote, moja moja.

"Delphin," akasema bila kugeuka, "fanya ya watu wawili. Mikono myembamba. Yote isipite un-quarante, mita moja na arobaini."

Mama mkwe akapita. Akafika mlango wa uani, akageuka, akarudi chumbani, akapita tena. Firmin alibaki sakafuni akimhesabia hatua.