Arudie kwa Mdomo Wake

Kitu cha kwanza alichokigundua Kimya ni kwamba hakusikia kalamu.

Wateja wengine wote, alipowapigia simu kuwaarifu kwamba mfumo wa kompyuta wanaoutumia utazimwa Jumapili, walimwambia angoje. Akasikia droo ikivutwa, mtu akiulizwa karatasi, mwingine akilaumiwa kwa kuondoka na kalamu ya ofisi. Kwa Mama Msimamizi wa nyumba ya wazee hakusikia hata kimoja. Alisikia mashine ya kufulia ikinguruma, na sauti pana ya mama huyo ikisema, "Endelea mwanangu, nakusikia."

Akaendelea. Karatasi alikuwa nayo mbele yake, ameshaisoma mara nyingi mpaka pembe zimekunjamana. Mfumo unahamishwa kwenye kompyuta mpya. Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, hakuna atakayeweza kuingia. Zile simu za video ambazo familia huwapigia wazee hazitafanya kazi. Kwa hiyo Jumamosi, kabla ya saa kumi jioni, mchapishe orodha ya familia zote na namba zao, kwa sababu namba zimo humohumo ndani ya mfumo. Waambieni familia wapige simu ya kawaida ya ofisi yenu. Mtakayoyaandika siku hiyo yaandikeni kwenye daftari, mtayaingiza baadaye.

"Haya mwanangu, nimekuelewa," akasema Mama Msimamizi. "Hapa nina shuka arobaini. Ubarikiwe."

Sasa ilibaki sehemu ya mwisho. Mkuu wa huduma alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: mteja arudie. Aseme kwa mdomo wake siku, saa, na atakachofanya, ndipo uweke alama ya vema kwenye orodha. Barua pepe zilikwishatumwa wiki nzima kabla, na ujumbe wa simu pia, lakini mkuu hakuziamini. "Barua pepe inafika kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu," alikuwa akisema. "Na mtu akikuambia 'sawa', hajasema kitu. 'Sawa' ni neno la kumfukuzia muuza sabuni mlangoni."

Kimya aliingia ofisi hiyo na ufagio. Shule aliiacha darasa la tano. Siku moja simu ililia, hapakuwa na mtu, akaipokea, na mkuu akamsikia kutoka mlangoni. "Sauti hii inaweza kulaza mtoto mwenye homa," akasema, na juma lililofuata akampa meza. Fundi wa kompyuta, ambaye hakuacha mtu salama kwa utani, ndiye aliyempa jina. "Mpiga simu wetu anaitwa Kimya. Hii ofisi ina mambo!"

Wateja thelathini na mmoja alikuwa ameshawaomba warudie. Lakini huyu alimwita mwanangu. Angemwambiaje mtu wa umri wa mama yake, mwenye mikono iliyojaa shuka za wazee, "hebu rudia nilichosema" kama mtoto wa darasa la pili? Akasema, "Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba," akajibiwa, simu ikakatika.

Akaweka alama ya vema.

Jumapili ilichaguliwa kwa kuwa wateja wengi ni ofisi zinazofungwa siku hiyo. Saa mbili kamili Fundi alifunga mlango wa mfumo wa zamani, akaanza kunakili. Kimya alikaa karibu na simu, endapo mtu angeuliza. Mpaka saa tatu na robo hakuna aliyeuliza.

Kisha ikalia.

"Mwanangu, mbona hapafunguki?" Ilikuwa sauti ileile pana, ila sasa imepungua. "Babu wetu seremala hali yake imebadilika tangu alfajiri. Daktari amesema tumwite binti yake. Binti yuko ng'ambo, humpigia kila Jumapili saa nne. Namba yake siioni."

"Orodha, mama," Kimya akasema. "Ile ya kuchapisha jana."

"Orodha gani, mwanangu?"

Fundi alipoambiwa, utani ulimtoka usoni. Namba za familia zilihifadhiwa kwa ufunguo, akaeleza, mtu asiyehusika asizisome. Husomeka kupitia mfumo wenyewe tu. Mpya haujawa tayari, nakala iko nusu. "Nitarudi nyuma. Nitauwasha wa zamani. Lakini si jambo la kubonyeza kitufe. Saa nzima hivi, nikijitahidi."

Akajitahidi. Hakunyanyua kichwa. Kimya alishikilia simu sikioni, maana Mama Msimamizi hakuikata. Alikuwa ameiweka tu mezani kando ya kitanda. Akasikia yote. Akamsikia mzee akiuliza, kwa sauti nyembamba kama uzi, "Saa nne imefika?" Akamsikia Mama Msimamizi akijibu, "Bado kidogo, baba."

Saa nne ilifika. Huko ng'ambo, binti bila shaka alikuwa akibonyeza na kubonyeza, na kioo kikimwandikia kwamba huduma haipatikani. Hakuna aliyemwambia apige simu ya kawaida.

Mzee akauliza tena. Akajibiwa vilevile.

Saa nne na dakika kumi Fundi akasema, "Imewaka! Msomee namba, haraka!" Kimya alipofungua mdomo, alisikia Mama Msimamizi akiinua simu, akivuta pumzi ndefu.

"Pole pole, mwanangu," akasema. "Hakuna haraka tena."

Siku ya tatu walikwenda kwenye nyumba ya wazee, mkuu na Kimya. Binti alikuwa ameandika barua. Hakutukana mtu. Aliuliza tu ni nani aliyejua kwamba simu hazitafanya kazi, na kwa nini yeye hakuambiwa.

Mwenyekiti wa nyumba aliisoma kwa sauti, akaikunja. Mama Msimamizi alikaa upande wa dirisha, mikono mapajani. Kumbe alikuwa mfupi, na viatu vyake vya kazini vilikuwa vimeshonwa kando.

"Sisi tulimwarifu Mama Msimamizi," mkuu akasema kwa upole, akaweka orodha mezani. "Alama hii hapa. Utaratibu wetu, mteja hurudia saa na maelekezo kwa mdomo wake, ndipo inawekwa."

Mwenyekiti akaiangalia alama. "Mama, kumbe ulirudia mwenyewe?"

Mama Msimamizi akaiangalia pia, kwa muda mrefu. "Sikumbuki kurudia," akasema. "Siku hiyo nilikuwa na shuka. Lakini kama karatasi inasema, basi ni uzee. Kichwa kimechoka."

"Miaka ishirini na sita si michache," Mwenyekiti akasema. "Labda umefika wakati upumzike. Mwisho wa mwezi."

"Labda," akasema Mama Msimamizi. Kisha, kana kwamba anamweleza mtu asiyekuwepo, "Nilimwambia bado kidogo. Nimemdanganya mtu anayekufa."

Mkuu alianza kukusanya karatasi zake. Kimya alikuwa amesimama karibu na mlango, mahali anaposimama siku zote, ambapo hamzuii mtu anayetoka. Hakuna aliyemuuliza neno, wala hakuna ambaye angemuuliza. Akausikia moyo wake ukigonga kama mgeni asiyefunguliwa.

"Hakurudia," akasema.

Wote wakageuka. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi aseme tena.

"Mama hakurudia. Sikumwomba. Nilijua hajaandika, nikamwonea haya, nikaweka alama. Aliyemnyima yule mzee mtoto wake ni mimi."