Namba Ukutani Kando ya Simu

Kinyozi alikamatwa Ijumaa asubuhi kwenye dirisha la kuripoti la ofisi ya uhamiaji, kalamu mkononi, akitaka kutia sahihi kama alivyotia kila wiki kwa miaka miwili. Hakupigwa wala hakufokewa. Ofisa alimwambia, "Ngoja kidogo hapo," na hiyo kidogo ikampeleka kwenye gari lenye vioo vyeusi, na gari likamshusha kizuizini, kwenye jengo ambalo milango yake yote vitasa viko upande wa nje.

Simu yake wakaichukua kwa kuwa ina kamera. Wakampa karatasi ya sababu za kumzuia, na dakika tano za kunakili namba anazozitaka. Dakika tano, jamani. Mikono iliyozoea kupitisha wembe kwenye koo za watu bila kuacha alama ikawa inakosea tarakimu na kufuta, na alichoambulia ni namba moja tu, ya dada yake. Zilizobaki alizijua kwa majina, kama sisi sote siku hizi.

Simu ya wazuiliwa ilikuwa ya ukutani, mwisho wa ukumbi, na ukimpigia mtu namba haimtokei. Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya nne ndipo alipokumbuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha dada yake. Dada alikuwa na kibali chake kamili cha kukaa nchini. Kinyozi ndiye aliyekuwa akisubiri rufaa. "Namba iliyofichwa usiipokee," alimwambia. "Na ukipokea usiyoijua, mtu akaniulizia, sema hunijui. Hapa sikai." Dada alimcheka, "Haya, mzimu wangu, hukai hapa." Lakini somo alilishika barabara.

Akiwa ameegemea pale, mlio ukiendelea sikioni, macho yake yakatua ukutani. Watu wamekwaruza namba zao kwenye rangi, nyingine kwa kalamu, nyingine kwa kucha. Katikati ya namba hizo aliiona ya kwake.

Aliisoma mara tatu. Ilikuwa ya kwake, na saba zilikuwa na mkia mrefu. Mtu mmoja tu duniani aliandika saba namna ile: Fundi Viatu, aliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu kabla Kinyozi hajahamia kwa dada yake, na kushona viatu barazani pa kinyozi, akikohoa kikohozi chake kikavu kila aliponyanyua nyundo. Chini ya namba kulikuwa na vijistari, kimoja kimoja. Kinyozi akavihesabu kwa kidole. Vilikuwa kumi na moja.

Miezi minane nyuma, Fundi Viatu alipokamatwa, simu ya Kinyozi iliita wiki nzima, namba imefichwa, naye akaitazama tu ikiita juu ya meza ya mikasi. Alijua ni nani. Simu ya kumi na mbili namba ilionekana, akapokea. Alikuwa karani wa mahakama: kuna mzuiliwa amekutaja kuwa mdhamini wake, je, unamfahamu? Kinyozi akasema, "Simfahamu." Akarudi kumalizia kichwa cha mteja. Fundi Viatu alipandishwa ndege kurudishwa kwao wiki hiyo hiyo, na tangu hapo hakuna aliyemsikia.

Basi toka saa ile kila alipopita ukumbini alisikia kikohozi. Aligeuka, hakuna mtu. Alipokula alikisikia, alipooga alikisikia. Aliogopa, tena aliona haya, na haya ndiyo iliyomuuma zaidi.

Mwenzake wa chumbani, dereva mmoja mwenye miezi mitatu mle ndani, alimwambia atulie, dhamana mtu huitiwa. Jumatatu Kinyozi alipomsimulia hayo bibi wa ofisi ya ustawi mle kizuizini, bibi aliweka kikombe chake mezani.

"Nani amekudanganya? Hakuna anayekuita. Unaomba mwenyewe, hata leo, hata bila wakili. Lakini wakili ni bora. Wa bure wanakuja kesho, nusu saa kwa kila mtu, na orodha inafungwa saa sita mchana. Sasa hivi ni sita kasoro kumi. Andika jina, baba, mengine utaniuliza baadaye." Na dereva naye bibi akamwita, akamwandikisha kwa nguvu.

Wakili alikuja Jumanne, mwanamke mwembamba mwenye mkoba uliokatika mkanda. Akaisoma ile karatasi ya sababu, akapiga mstari chini ya sentensi moja.

"Wanasema utatoroka. Wewe umeripoti miaka miwili bila kukosa, na rufaa yako haijasikilizwa. Hilo liko upande wetu. Lakini hakimu atauliza mambo mawili: ukitoka utakaa wapi, na nani anakujua wa kukusimamia. Shauri ni Alhamisi. Nipe mtu."

Akampa namba ya dada. Wakili akatoka nje ya lango kwenda kupiga kwa simu yake mwenyewe. Aliporudi alikaa kwanza, ndipo akasema.

"Dada yako anasema hakujui. Anasema hapo hakai mtu kama wewe."

Nyuma ya Kinyozi, karibu kabisa, mtu akakohoa. Hakugeuka safari hii. Alilia, mtu mzima na ndevu zake, akalaza kichwa juu ya meza ya watu.

"Nilimfundisha mimi," akasema. "Nilimfundisha kwa sababu mwenyewe nilimfanyia mtu hivyo hivyo."

"Hayo utaniambia ukitoka," wakili akasema, lakini kwa upole. "Nina dakika tisa. Nipe neno ambalo serikali haiwezi kulijua."

Akafikiri. "Mwambie sikio la kushoto. Nilimkata nikijifunza kunyoa, akamwambia mama kuwa ni paka. Na mwambie mzimu wake anakaa hapo."

Alhamisi walimkalisha mbele ya kioo cha televisheni. Upande wa pili, mahakamani, walionekana hakimu, wakili, ofisa wa uhamiaji, na kiti kitupu cha mdhamini. Kiti kile kilikaa kitupu wakati ofisa anaeleza kwa nini azuiliwe. Kinyozi hakusikia hata moja. Alikuwa akikitazama kile kiti, akimfikiria Fundi Viatu akitazama kingine kama hicho.

Kisha mlango ukafunguliwa na dada akaingia, kitambaa cha kichwa kimelegea, kitambulisho na mkataba wa nyumba mkononi.

"Unamfahamu mwombaji?" hakimu akauliza.

Dada akakitazama kioo. Mazoea hayatoki kirahisi. Akapeleka mkono sikioni. "Ni kaka yangu," akasema. "Anakaa kwangu. Kitanda chake kiko dirishani. Juzi nilisema simjui, naomba mnisamehe."

Kinyozi akapewa dhamana: alale kwa dada, aripoti kila wiki, afike akiitwa. Jioni wakamrudishia simu yake kwenye mfuko wa plastiki.

Nyumbani dada alimpakulia chakula, akamsonya, akalia, akamsonya tena. Walikuwa mezani simu ilipoita. Namba imefichwa. Dada akamshika kifundo cha mkono. Kile kikohozi kikasikika kutoka kona ya chumba, na Kinyozi peke yake ndiye aliyeinua uso.

Akapokea.

"Samahani, kaka," sauti ya kijana, imekauka. "Sikujui. Wameniingiza leo, sina namba ya mtu yeyote kichwani. Nimeikuta hii ukutani, ina vistari vingi chini yake. Nikadhani aliyeipiga mara zote hizo alikuwa anajua kuwa huyu mtu ni wa kutegemea."

Kinyozi akafumba macho.

"Usikate," akasema. "Tafuta kalamu. Kesho kabla ya saa sita nenda kwa bibi wa ustawi, ujiandikishe kwa wakili. Usingoje kuitwa. Sasa nitajie jina lako na mtaa wa kwenu, nikawatafute ndugu zako."