Shungi Jekundu

Kila Jumamosi saa nane mchana, mama mkwe alilala kidogo na mkwewe, mke wa mwanawe, akapiga pasi mashati ya wiki. Jumamosi hii alikuwa amefika kwenye kola ya shati la tatu pale mlango wa chumba ulipofunguliwa, na mama mkwe akasimama kizingitini na pakiti mkononi.

"Nilikuwa natafuta taulo langu nilipange kwenye begi. Hii nimeikuta nyuma ya mashuka. Ni yako?"

Ilikuwa rangi ya nywele, nyekundu kama pilipili mbivu, pamoja na unga wa blichi. Mkwe alihisi uso ukiwaka kuliko pasi.

"Ni yangu, Mama."

"Kichwa kizima?"

"Hapana. Shungi moja tu, hapa mbele."

Mama mkwe aliitazama pakiti, akamtazama na yeye. Alikuwa msusi miaka ishirini kabla magoti hayajamgomea, na miezi minne aliyokaa nao hakuwahi kumgusa mkwewe hata unywele. Kesho asubuhi angehamia kwa binti yake. Alisema nyumba ya vijana inataka nafasi, basi, hakuna aliyebishana naye. Mkwe alitaka kubisha. Kila alipofungua kinywa, alijikuta anauliza kama chai ina sukari ya kutosha.

"Kumbe ulikuwa unangoja niondoke ndipo ujipambe," alisema mama mkwe kwa sauti ya chini.

Mkwe alizima pasi. Mama mkwe akaigeuza pakiti mkononi.

"Umejaribu kidogo nyuma ya sikio?"

"Tangu juzi. Haijaniwasha."

"Haya, lete kiti. Ukijifanyia mwenyewe utatoka kama jogoo aliyeanguka kwenye ndoo ya rangi."

Dirisha la bafuni lilifunguliwa, taulo kuukuu likatandazwa mabegani. Mkwe, akitaka kuonyesha kwamba naye anajua mambo, alichota mafuta mazito ya mgando na kuyapaka paji lote la uso, kisha akapandisha mpaka kwenye shungi lenyewe.

"We mtoto, unataka mvua ikunyeshee, kisha unafungua mwavuli," mama mkwe alisema, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mafuta yanazuia dawa. Yanakaa kwenye ngozi na kwenye nywele jirani, si pale unapotaka rangi ishike. Nenda ukalioshe hilo."

Akaliosha, akalikausha. Mama mkwe akachora njia mbili kwa mkia wa kitana, akalitenga shungi jembamba, nywele nyingine akazisuka mabutu na kuzifunika kwa kofia ya plastiki. Jirani wa shungi wakapata mafuta yao, na chini ya shungi ikalazwa karatasi ya foili. Akavaa glavu, akaukoroga unga wa blichi na maji yake ya dawa ukawa uji.

"Naanzia mbali na ngozi. Mizizi mwishoni, maana joto la kichwa linaiharakisha dawa. Na uji wenyewe uwe mzito. Ukiwa mwepesi utatembea mpaka kwa majirani."

Akafunga foili. Kila baada ya dakika tano aliifungua akachungulia, naye mkwe akauliza, "Imeiva?"

"Hii si maharage. Tulia."

Shungi lilitoka kwenye weusi likawa kahawia, likapita kwenye rangi ya chungwa, likaishia manjano. Likaoshwa, likakaushwa, likavishwa wekundu na foili mpya, wakangoja. Mama mkwe alikaa ukingoni mwa hodhi la kuogea akipapasa magoti yake.

"Nikishaondoka, lioshe kwa maji ya baridi. Ya moto yatalipausha. Na usijidanganye ukalala chali kuliosha, rangi itakimbilia nyuma."

Mkwe aliitikia tu. Nikishaondoka. Neno lile lilimchoma kuliko blichi.

Muda ulipofika, mkwe akainama mbele juu ya sinki, kofia bado kichwani, shungi likining'inia peke yake. Mama mkwe alimimina maji kwa kikombe, taratibu, kutoka kwenye mizizi kwenda chini. Maji mekundu yakateremka moja kwa moja kwenye shimo la sinki, hayakugusa kingine chochote.

"Yakitoka safi, niambie," alisema mama mkwe. "Macho yangu na wekundu havielewani."

Mkwe aliyatazama yakififia, yakawa waridi, yakawa maji. Akiwa ameinama hivyo, hakuna aliyeuona uso wake.

"Yametoka safi, Mama."

Kikombe kilitua pembeni. Mkono ukabaki kisogoni pake.

"Sikuificha rangi ile nikingoja uondoke," alisema mkwe ndani ya sinki. "Nilificha kwa sababu wewe ni fundi, nikaona aibu utanicheka. Usiende kesho. Mimi ndiye ninayetaka ukae."