Chupa Mbili Ndani ya Kapu

Nilipokuwa karani wa takwimu mjini Tabora, watu waliniogopa kidogo na kunicheka sana. Mtu mzima, suruali ya kaki imenyooka, anazunguka dukani na sokoni kuuliza bei na hanunui kitu. Velji, mwenye duka la unga, akiniona tu husema, "Karani, leo tena umekuja kununua maneno?" Mimi nilivimba kichwa na kazi yangu, nakiri. Niliamini kwamba namba iliyopatikana kwa haki haiwezi kumwumiza mtu.

Namba yenyewe, ya gharama za maisha, ilianza mwaka wa hamsini na moja. Majina ya wafanyakazi wa mjini yalitiwa kwenye mkebe, yakachomolewa sitini bila kuchagua, na mojawapo likawa la shemeji yangu Modest, fundi wa karakana. Alikuwa amemwoa mdogo wangu Apolinaria, nao walipanga vyumba viwili mtaa wa Cheyo. Makarani tuligawana nyumba, nami nikapata yao. Kwa siku thelathini nilipita kila alasiri kuandika kilichonunuliwa: unga, mkaa, chumvi, kiberiti, hata sindano.

Mwezi huo mtoto wao wa mwisho, Raymundi, alikuwa anaumwa. Hakuna kilichokaa tumboni mwake ila maziwa. Modest aliuza baiskeli, wakawa wananunua chupa mbili kila siku kwa Masolwa, aliyeleta maziwa kutoka nje ya mji. Chupa mbili, shilingi moja.

"Hayo usiyaandike, kaka," Apolinaria aliniambia. "Hayo ni ya mgonjwa. Sisi si watu wa maziwa."

Nikamfokea. Kazi ni kazi, nikasema, kila kinacholipiwa kinaandikwa. Nikianza kuchagua cha kuandika, kapu la matumizi tunalolihesabu litakuwa langu, halitakuwa la watu. Kanuni ilisema hivyo, na kanuni ilikuwa sahihi hasa. Akaniambia basi andika. Nikaandika chupa mbili, siku thelathini, shilingi thelathini.

Wiki mbili baada ya daftari kufungwa, Raymundi alifariki. Tulimzika hapohapo Tabora, na kila Jumapili baada ya misa mama yake alipitia kaburini kung'oa majani.

Miaka miwili ilipita. Unga ulipanda, watu wakalalamika, na mwajiri wa Modest akakubali jambo moja: namba ya gharama za maisha ikifika mia moja na tano, posho itaongezwa shilingi kumi kwa mwezi. Kwa Modest hilo halikuwa jambo dogo. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi, na bila zile shilingi kumi hakuwa na njia ila kumrudisha mke na mabinti kwao Bukene, yeye abaki kulala na wenzake chumba kimoja. Apolinaria hakuogopa jembe, alikuwa amelelewa nalo. Alichoogopa ni kumwacha Raymundi peke yake.

Namba ilitoka mwezi wa nane: mia moja na nne nukta nane.

Modest aliniita. Nilimkuta kibarazani, Apolinaria kando yake anachambua mchele kwenye ungo.

"Shemeji," Modest akasema, "nieleze taratibu, maana sitaki kukutukana. Unga ulikuwa senti ishirini ratili, leo ni ishirini na tatu. Hiyo ni kumi na tano kwa mia. Nyinyi mnasema maisha hayajapanda hata tano. Mnakula nini huko ofisini?"

Nikachukua kijiti, nikachora kwenye vumbi. Nilimwambia kwamba hatujumlishi bei tu, kwa sababu sindano ikipanda maradufu hakuna atakayelala njaa. Kila kitu kina uzito wake, na uzito ni fungu lake katika matumizi ya watu. Zile nyumba sitini kwa mwezi mmoja zilitumia shilingi elfu tano na mia nne. Katika kila shilingi mia, thelathini na mbili zilikwenda kwenye unga, nane kwenye mkaa, nne kwenye maziwa, zilizobaki kwenye vitu vingine. Hilo ndilo kapu, na jumla yake tuliita mia. Kila mwezi tunauliza bei za vitu vilevile, vya aina ileile, kwenye maduka yaleyale. Kapu halibadiliki, bei ndizo zinazobadilika.

"Unga umepanda kumi na tano kwa mia," nikasema. "Kwa uzito wa thelathini na mbili, unaongeza nne nukta nane. Gunia la mkaa lilikuwa shilingi mbili, sasa ni mbili na robo. Kwa uzito wa nane, linaongeza moja."

Modest si mjinga. "Hiyo ni mia moja na tano nukta nane. Tumepita."

"Maziwa yameshuka. Mwaka huu malisho ni mazuri, Masolwa anauza chupa mbili senti sabini na tano. Robo nzima imeondoka; kwa uzito wa nne, inapunguza moja. Vingine havikusogea. Ndiyo tukarudi mia moja na nne nukta nane."

"Nani hapa Cheyo ananunua maziwa ya nne kwa mia?"

Vidole vya Apolinaria vilisimama juu ya mchele, na nikajua ameelewa kabla ya mumewe.

"Ni yetu, kaka?"

Nilitamani kusema uongo. "Mengi ni ya wengine. Shilingi mia mbili na kumi na sita kwa nyumba zote. Zenu ni thelathini."

"Na zisingekuwamo?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo ofisini, mara tatu, nikitumaini kwamba nimekosea. Zikitolewa zile thelathini, maziwa yanapungua uzito, unga na mkaa vinaongezeka kidogo, na namba, ikikadiriwa kwa tarakimu moja baada ya nukta kama ilivyo desturi, ni mia moja na tano kamili.

Nilipomwambia, Modest aliinuka akaenda kusimama ukutani, mgongo kwetu. Alikuwa analia. Mimi nami nililia, karani mzima na kalamu yangu mfukoni.

"Yafute," Modest akasema bila kugeuka.

"Uzito umefungwa mpaka utafiti mwingine ufanyike. Lakini fomu yenu ipo. Naweza kuwaandikia wakubwa kwamba nilikosea, kwamba maziwa yale hayakununuliwa. Wakikubali, watapiga hesabu upya."

Kazi yangu ingekwenda, nami wakati ule sikuijali. Apolinaria akaweka ungo chini.

"Ulikosea?" akaniuliza. "Si aliyanywa?"

"Aliyanywa."

"Ulimwona."

"Nilimwona."

"Basi usiandike kwamba hakunywa." Alisema polepole, macho kwenye michoro yangu ya vumbini. "Nguo zake niliwapa watu. Picha hatukupiga. Hilo kapu lenu litakaa muda gani?"

"Miaka mitano. Labda zaidi."

"Mwache humo."

Modest akageuka, akarudi kuketi kando yake. Mwisho wa mwezi niliwasindikiza stesheni, Apolinaria na mabinti wawili na mafurushi yao, wakapanda treni ya Mwanza ili washuke Bukene. Aliniomba nimng'olee mtoto majani, nikamwahidi.

Niliendelea na kazi ileile, siku ileile ya kila mwezi. Kwa Velji niliulizia unga, sokoni mkaa, kisha nikamsubiri Masolwa barabarani. Alikuwa akisimamisha baiskeli bila kungoja swali, kwa sababu alishalizoea.

"Chupa mbili," nilimwambia, "leo bei gani?"