Mafuta Yameshuka

Biao, muuza nyama ya nguruwe, alimvunja Daktari Qu mkono kwa chupa ya chai, ile nzito ya chuma, mbele yangu mimi nesi Lei na ukumbi mzima wa wagonjwa. Kisa, mafuta. Mama yake Biao, Bibi Tan, alikuwa na baridi yabisi kali iliyompinda vidole. Tulipomwanzishia sindano mpya vidole vilifunguka, lakini mafuta ya damu, ambayo miaka yote yalikuwa chini, yakapanda.

"Mmemlisha mama yangu sumu," Biao alisema, akainua chupa tena. Mlinzi akambamiza ukutani hadi pua ikachuruzika damu. Sikumwonea huruma hata chembe.

Daktari alikuwa ameshamweleza. Ugonjwa ule ukiwaka mwilini hushusha mafuta ya damu, kwa hiyo kipimo kizuri cha zamani kilikuwa kinawadanganya. Wakati huohuo unaichubua mishipa ya moyo kwa ndani. Ukitulia, mafuta hurudi juu. Angeongeza kidonge cha kuyashusha, ila sindano isiachwe. Biao akamwachisha mama sindano.

Bibi Tan ndiye aliyemwombea msamaha, na lile jinga likaachiwa na polisi. Wiki kadhaa baadaye likarudi likipepea karatasi ya maabara, mkono wa pili limemshika mama. Vidole vya mama vilikuwa vimejikunja tena. Jasho lilimtoka, na alikuwa ameshika taya.

"Angalia, Daktari. Mafuta yameshuka. Nani mjinga sasa?"

Daktari hakuitazama karatasi. Alimuuliza mama taya limeanza kuuma lini. Bibi Tan akafungua mdomo ajibu, akaanguka chini kama gunia.

Hakuwa na pumzi. Nilibonyeza kengele, nikakimbilia mashine ya kushtua moyo chumba cha pili. Niliporudi, Biao alikuwa amepiga magoti kando ya mama yake, na Daktari Qu, mkono kwenye plasta, alikuwa anamwamuru akandamize kifua kwa nguvu zake zote. Mkono mmoja wa daktari usingetosha. Ubavu ukalia, ko. Biao akaachia.

"Nimemvunja."

Daktari akamtandika kofi kwa mkono uliobaki mzima. "Kandamiza. Ukiacha, anakufa."

Akakandamiza huku analia. Ubavu mwingine ukavunjika, na mwingine. Mashine ikamrusha mama mara mbili pale sakafuni, ndipo moyo ukashika, wenzangu wakamkimbiza kwenda kuzibuliwa mshipa wa moyo.

Alipopata fahamu hakuweza hata kugeuka kwa maumivu. Biao alikuwa anampoozea uji wa mchele. Mama akauliza ni nani aliyempiga hivi.

"Mimi, Mama."

Bibi Tan akamtazama Daktari Qu, aliyesimama miguuni pa kitanda na plasta yake.

"Na yeye?"

"Mimi."