Mama Abuu na Paka Mweupe

Panya walipomaliza nusu gunia la mbegu za njugu mawe, Mama Abuu alipanda gari kutoka Newala, kapu tupu mapajani, hadi Masasi kwa rafiki yake Scholastika. Paka wa Scholastika alikuwa amezaa, na watoto wanne walikuwa na miezi miwili, wanakula dagaa wenyewe. Nusu gunia iliyobaki ndiyo ya kupanda mvua zikianza.

Ukumbi ulijaa, maana kwa Scholastika wageni hawakauki. Paka wa kupewa alikuwa ameshaandaliwa: mweupe, kaogeshwa, kafungwa utepe shingoni, amelala kwenye mapaja ya Witness, mjukuu wa mwenye nyumba. Majirani wote wakamsifu upole.

Mama Abuu akaomba wote wanne washushwe sakafuni. Akaburuta kamba. Watatu wakaikimbilia, mweupe akakaa palepale. Akamwinua, akamgeuzia mwangani. Jicho la kushoto lilitoa machozi mazito, na utando mweupe wa kwenye kona yake ulikuwa umelifunika robo nzima. Tumbo gumu, limevimba kama la mwenye minyoo. Nyuma ya sikio palinyonyoka manyoya, duara la ukubwa wa shilingi, lina magamba.

Scholastika akauliza, kicheko kimekwisha, "Mwenzangu, zawadi unaipekua kama mbuzi wa mnadani?"

"Paka wa mwaka jana nilimchukua kwa sababu ya upole wake. Upole ule ulikuwa homa. Siku ya tatu nikamzika."

Akaonyesha anayemtaka, wa kijivu mwenye michirizi. Macho yake makavu, yanang'aa. Masikio masafi, chini ya mkia pakavu. Akampulizia manyoya, akaona viroboto wawili, akasema hao kitana kitawatoa. Akaangusha kijiko. Paka akaruka hatua mbili nyuma, kisha akarudi kukinusa. Alipombeba alipapatika kidogo, akatulia, akaanza kukoroma.

Scholastika akasema huyo ni wake, anabaki. Jirani mmoja akamnong'oneza Mama Abuu achukue mweupe tu, urafiki usivunjike.

Mama Abuu akamrudisha wa kijivu chini, akajifunga kanga na kuchukua kapu lake. Akasema atarudi mikono mitupu. Kwake kuna wajukuu watatu na paka mzee asiyekamata tena panya, na hawezi kuwapelekea ugonjwa.

"Ugonjwa gani?" Scholastika akauliza.

"Lile duara nyuma ya sikio linafanana na mapunye, nayo huambukiza watu. Mtazame mkono Witness."

Scholastika akamvuta mjukuu. Kwenye kigasha cha mkono kulikuwa na duara jekundu, na mtoto alikuwa analikuna. Scholastika alikuwa amelidhania alama ya kuumwa na mbu.

Akamweka mweupe peke yake ndani ya tenga, akatuma ajulishwe daktari wa mifugo, akamnawisha Witness kwa sabuni, naye akanawa. Kisha akamshika wa kijivu, akamtia mwenyewe kapuni.

"Kalinde mbegu," akasema. "Na wewe, usiende bado. Nitazamie na hawa wawili waliobaki, hapa kuna watu wanawasubiri."